Kusaka mazalia ya mbu shuleni: mfundishe mtoto kumtambua kiluwiluwi wa malaria

Kila masika yakianza, walimu wenzangu waliokabidhiwa klabu ya afya kwa mara ya kwanza hunipigia kuuliza yaleyale. "Tumefyeka majani yote, tumeokota makopo yote, mbona watoto bado wanaumwa malaria?" "Twende nao wapi, tukaangalie nini?" "Dawa ya kumwaga kwenye madimbwi tunaipata wapi?" Nafundisha shule ya msingi wilayani Muheza, mkoani Tanga, ambako malaria tunaijua vizuri, na kazi hii nimeifanya na watoto kwa misimu kadhaa. Nimeona niyaandike yote mahali pamoja.

Nianze na lile swali la majani, kwa sababu wengi tunapotea hapo. Mbu hazaliani kwenye majani. Jike hutaga kwenye maji, na kiluwiluwi hawezi kuishi nje ya maji. Majani marefu ni kivuli cha mbu mkubwa kupumzika mchana, basi. Fyeka, maana nyoka wanajificha humo, lakini usidhani umeondoa mazalia. Na kopo lenye maji? Mara nyingi anayetaga humo ni yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana na kueneza homa ya dengi. Ni mbaya na makopo yaondolewe, ila malaria haiji naye.

Mbu wa malaria, anofelesi, anapenda maji yaliyotulia, yasiyo machafu sana, yanayopigwa na jua, na mara nyingi yapo chini ardhini: dimbwi chini ya bomba, alama za matairi ya lori lililoleta mchanga, nyayo za ng'ombe, shimo la kufyatulia tofali. Ndiyo maji ambayo watoto huyaruka kila siku wakienda darasani, na hakuna anayeyashuku kwa sababu yanaonekana masafi. Ukimfundisha mtoto jambo hilo moja akalielewa kwa macho yake, umefundisha zaidi ya bango lolote la ukutani.

Andaa haya kwanza

Kifaa kikuu ni cha kuchotea. Wataalamu hutumia upawa mweupe wa plastiki wenye ujazo wa mililita 350. Wewe chukua kikombe au kopo jeupe la plastiki la ukubwa unaokaribiana na huo, ulifunge imara kwenye fimbo ya urefu wa mita moja. Weupe ni lazima. Kiluwiluwi mchanga ana urefu wa milimita moja au mbili tu, na kwenye kopo la bluu au la bati humwoni. Tengeneza kimoja kwa kila kundi.

Pamoja na hicho uwe na:

- beseni au sahani pana nyeupe ya kumiminia ulichochota
- chupa mbili za plastiki angavu, kipande cha chandarua kilichochakaa na mipira ya kufungia
- daftari, kalamu na karatasi moja ya manila kwa ramani
- jembe, koleo na toroli
- sabuni na maji ya kunawa

Kila mtoto avae viatu vilivyofunika mguu. Asiye na viatu vya namna hiyo mpe kazi ya kuandika au kuchora ramani, asiachwe nyumbani. Chukua darasa la 4 na kuendelea, makundi ya watoto watano au sita, kila kundi na mtu mzima mmoja. Mwambie mwalimu mkuu mapema, na wazazi wapelekewe taarifa fupi. Bila hivyo mzazi akisikia mtoto wake ameshinda kwenye madimbwi atakuja juu, na atakuwa na haki.

Kuhusu wakati, nenda kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Usiende kesho yake baada ya mvua kubwa, kwa sababu mvua husomba viluwiluwi na utarudi bila kitu. Subiri siku nne au tano, maji yatulie na mayai yaanguliwe.

1. Wafundishe kutazama kabla hamjatoka nje

Siku moja kabla, nenda mwenyewe ukachote viluwiluwi kutoka sehemu mbili, dimbwi safi la juani na maji ya mtaro au ya karo. Weka kila kimoja kwenye chupa yake, funika kwa kipande cha chandarua na ufunge kwa mpira. Darasani, weka chupa mezani, watoto wakae kimya dakika mbili maji yatulie. Kisha waulize swali moja tu: wanakaaje juu ya maji?

Kiluwiluwi wa malaria hulala. Mwili wote umenyooka sambamba na uso wa maji, mfano wa kijiti kinachoelea, kwa sababu hana mrija wa kupumulia na inambidi aguse hewa kwa mgongo. Wale wengine, wa mtaroni na wa makopo, huning'inia kichwa chini, mkia juu, wakipumua kwa mrija ulio mkiani. Watoto wangu hufanya kwa mikono: mkono umelazwa mezani ni "malaria," mkono unaoning'inia ni "mwingine." Ukishawaona wanafanya hivyo bila kusita, wako tayari kutoka.

Waonyeshe na yule wa mwisho, mwenye umbo la mkato wa kuandikia, kichwa kikubwa na mkia uliopinda. Huyo ni pupa. Hali chochote, ila bado anaogelea kwa kujipindapinda, na ndani ya siku mbili au tatu anatoka mbu anayeruka. Ukiona pupa, ujue umechelewa kidogo.

Angalizo moja la lugha. Kwa Kiswahili chetu "kiluwiluwi" ni mtoto wa mbu na pia ni mtoto wa chura. Mwaka wa kwanza watoto waliniletea beseni zima la viluwiluwi vya chura wakishangilia. Sema mapema: wa chura ana tumbo la mviringo na mkia mpana kama wa samaki, na arudishwe alikotoka.

Jambo lingine la kuondoa vichwani kabla ya kutoka: kiluwiluwi hana malaria. Kumgusa au kunywa maji aliyomo hakuleti malaria, ingawa maji hayo yanaweza kuleta magonjwa mengine. Mbu hupata vimelea baada ya kukua na kumuuma mtu mwenye vimelea, kisha vimelea hukomaa ndani yake kwa siku kumi hivi kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Watoto wengi, na wazazi wengi, wanachanganya hapo.

2. Choreni ramani ya maji

Tembeeni uwanja mzima bila kuchota. Kazi ni kutafuta maji tu. Anzeni langoni, mzunguke kwa kufuata uzio, kisha mwingie ndani: madarasa, vyoo, jiko, nyumba za walimu, bustani. Kila penye maji yaliyosimama pachorwe kwenye manila na kupewa namba. Pakavu penye dalili ya kujaa mvua ikinyesha pachorwe pia, kwa alama tofauti.

Makundi mengi hupita haraka sehemu tatu: chini ya bomba na kuzunguka tangi, kwa sababu pamezoeleka, nyuma ya madarasa ambako maji ya paa huchimba kijimfereji, na nyuma ya uzio hatua chache kutoka shuleni. Hapo pa tatu ndipo penye mashimo ya tofali na ya udongo wa kusiribia nyumba.

Tangi na simtanki vikaguliwe pia. Mfuniko uliopasuka unatosha kumpitisha mbu. Mtu mzima ndiye apande, mtoto asipande.

3. Chota kwa utulivu

Hapa ndipo wanaoanza huharibu. Viluwiluwi wakiona kivuli au wakisikia mtikisiko huzama chini, na wewe ukichota maji matupu utaandika "hakuna." Kwa hiyo sogea polepole ukilikabili jua, ili kivuli chako kianguke nyuma yako na si juu ya maji. Watoto wengine wabaki hatua tatu nyuma. Subiri kidogo.

Kisha inamisha kopo na uingize mdomo wake kwenye maji kwa mshazari, kina kifupi tu, maji ya juu yamiminike ndani yenyewe. Usizamishe kopo zima na usipige maji kama anayechota ya kuoga. Acha kopo lisijae pomoni, maana likifurika viluwiluwi hutoka na maji.

Chota pembeni, kwenye majani yaliyolala majini na kwenye takataka zinazoelea, kwani huko ndiko wanakojificha. Katikati ya maji marefu huwapati. Kwa dimbwi la kawaida chota mara kumi, ukisogea hatua baada ya kila mchoto na kusubiri dakika moja maji yakitibuka. Kwa alama ya kwato ya ng'ombe kopo halitaingia. Tumia kijiko kikubwa, au tazama tu kwa macho.

Tahadhari mbili sizifanyii mzaha. Mtoto asiingie majini hata hatua moja. Kwenye mabwawa, mifereji ya mpunga na maji yenye konokono kuna kichocho, na kinaingia kupitia ngozi. Na hakuna mtoto wa kuchota kwenye shimo la choo au karo. Hapo anakwenda mtu mzima, au mnaandika tu kwamba mfuniko umevunjika.

4. Soma ulichopata, uandike palepale

Mimina kwenye beseni jeupe, maji yatulie. Jibuni maswali matatu: kuna viluwiluwi? Wanalala au wananing'inia? Kuna pupa? Mwandishi wa kundi aandike namba ya mahali, michoto mingapi, viluwiluwi wangapi wa kila namna, na pupa. Tulivyoandika wiki moja ilikuwa hivi:

| Namba | Mahali | Michoto | Wanaolala | Wanaoning'inia | Pupa |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 | Chini ya bomba | 10 | 23 | 0 | 2 |
| 4 | Alama za lori, langoni | 10 | 9 | 0 | 0 |
| 7 | Mtaro wa jikoni | 10 | 0 | 40 | 5 |
| 9 | Tairi kuukuu | 3 | 0 | 12 | 1 |
| 12 | Shimo la tofali | 10 | 31 | 0 | 4 |

Palepale mtoto mmoja wa darasa la 5 alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, mbona mtaro unanuka na hauna wa malaria, na bomba ni safi ndilo linao?" Nilimwachia darasa lijibu. Hilo ndilo somo lote, na lilitoka kwenye daftari lao wenyewe.

Hata hivyo usiwafundishe kwamba maji machafu hayana anofelesi kabisa. Mijini, Dar es Salaam ikiwemo, amepatikana hata kwenye mitaro iliyochafuka. Sema "anapenda zaidi," na uchote kila mahali.

Mkimaliza kusoma, maji yenye viluwiluwi yamwagwe kwenye mchanga mkavu juani, mbali na dimbwi. Wanakauka na kufa. Usirudishe ulikochota, na usimwage kwenye mtaro.

5. Ondoa maji, kila mahali kwa njia yake

Watu wengi wanapofika hapa wanaulizia dawa. Dawa ije mwisho. Kwanza jiulize maji yanatoka wapi, kwa sababu usipoziba chanzo utafukia dimbwi lilelile kila wiki.

*Bomba.* Letu lilikuwa likidondosha mchana na usiku kwa sababu ya mpira uliokwisha ndani ya koki. Mpira mpya ulikuwa wa bei ndogo sana. Lakini hata koki nzima humwaga maji watoto wakinywa, kwa hiyo tulichimba shimo la kunyonya maji: mita moja kwa mita moja, kina mita moja, tukalijaza mawe makubwa chini, kokoto juu, na kijimfereji chenye mteremko kutoka kwenye bomba. Uso wa kokoto lazima uwe juu ya maji daima. Siku ukiona maji yamesimama juu ya kokoto, shimo limeziba kwa tope: toa kokoto, zioshe, urudishe. Ardhi yako ikiwa ya mfinyanzi mzito, shimo halitanyonya vizuri. Afadhali upeleke maji hayo kwenye migomba au bustani.

*Alama za matairi na nyayo.* Sawazisha kwa jembe na ushindilie. Kisha ongea na anayeleta lori apite upande mwingine, au muweke kifusi kwenye njia. Kwa ng'ombe wanaokatiza uwanjani ni suala la uzio na la kuzungumza na jirani.

*Shimo la tofali.* Hili ni la kufukia, na hesabu yake ni somo zuri la darasa la 6. La kwetu lilikuwa na urefu wa mita 2, upana mita 1.5 na kina sentimita 40. Ukizidisha unapata mita za ujazo 1.2, yaani lita 1,200. Toroli letu linabeba lita 60 hivi, kwa hiyo ni matoroli 20. Ongeza matoroli matano, kwa sababu udongo uliochimbuliwa hushuka ukishindiliwa.

Sasa nieleze tulivyokosea, ili usirudie. Mara ya kwanza tulijaza udongo mpaka usawa wa ardhi bila kushindilia. Mvua mbili tu, udongo ukashuka, pakabaki sahani pana yenye maji ya kina cha vidole vitatu, yote juani. Tulikuwa tumemjengea mbu nyumba bora kuliko ya mwanzo. Kibaya zaidi, ule udongo tuliuchimba nyuma ya stoo, na huko tukaacha shimo jipya. Wiki ya tatu lilikuwa na viluwiluwi wanaolala. Tangu hapo tunafukia kwa tabaka za unene wa kiganja, kila tabaka linashindiliwa kwa gogo, juu tunaacha kichuguu kidogo ili maji yateremke pembeni, na udongo tunautoa kwenye kifusi au mwinuko, kamwe si kwa kuchimba shimo.

*Mtaro.* Zoa takataka na tope, rekebisha mteremko maji yaende. Maji yanayotembea hayawafai viluwiluwi.

*Tairi, makopo, vifuu.* Ondoa au toboa. Tairi la kuchezea watoto litobolewe matundu chini. Mayai ya yule mbu wa dengi hushika ukutani mwa chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri maji, kwa hiyo ndoo na mapipa ya kuhifadhi maji yasuguliwe kwa brashi ndani kila wiki, kumwaga tu hakutoshi.

*Tangi.* Mfuniko mzima, na bomba la kutolea hewa lifungwe wavu mdogo.

Na maji ambayo huwezi kuyaondoa, kama bwawa la bustani au jaruba la mpunga la jirani? Bwawa dogo la kudumu linaweza kuwekwa perege, nao hula viluwiluwi. Fyeka majani ya ukingoni ili samaki wawafikie. Kwa mengine, mwone ofisa afya wa kata kuhusu dawa ya kibaiolojia ya kuua viluwiluwi. Hapa nchini hutengenezwa Kibaha. Ni bakteria ambao kiluwiluwi huwala na kufa. Kwa kuwa lazima waliwe, dawa hii haimuui pupa, na huisha nguvu, hivyo hurudiwa kwa ratiba. Kipimo na kumwaga mwachie mtaalamu, watoto wasiishike.

Usimwage oili chafu ya gari wala mafuta ya taa. Ni kweli utando wa mafuta humziba kiluwiluwi pumzi, na wazee wetu walifanya hivyo, lakini oili inaharibu udongo na maji ya visima, na watoto watacheza humo jioni hiyohiyo.

6. Rudi baada ya siku saba, siku ileile

Kwenye joto letu, yai hadi mbu anayeruka ni siku 7 hadi 14 hivi. Ukikagua kila wiki unamkamata angali majini. Ukiruka wiki moja, kizazi kizima kinaruka, na daftari halitakuonyesha chochote kwa sababu maji yamebaki matupu. Kwa hiyo chagua siku moja ya wiki na muing'ang'anie. Sisi ni Ijumaa, kipindi cha kwanza, na kikosi hubadilika kila mwezi ili darasa zima lipite. Jijini Dar es Salaam, mpango wa kudhibiti malaria ulioanza mwaka 2004 uliwatumia wakazi wa mitaa wenyewe kukagua mazalia kila wiki. Hicho ndicho kipimo cha muda unachoiga.

Likizo ndiyo mtego. Mvua za masika zinaangukia likizo ya Aprili kwa sehemu. Panga zamu na mlinzi, au na wanafunzi wanaoishi jirani wakiwa na mzazi.

Kila mwezi hesabuni: maeneo mangapi yalikuwa na wanaolala mwanzo, mangapi sasa. Msihesabu mbu wakubwa wala watoto waliougua. Hivyo vinategemea mambo mengi nje ya uzio wenu.

7. Chupa ya darasani, ukipenda

Watoto hujifunza sana wakiona mabadiliko. Weka viluwiluwi watano wadogo kwenye chupa iliyokatwa juu, na maji ya dimbwi walikotoka, si ya bomba lenye klorini. Funika kwa chandarua mara mbili, funga kwa mpira, weka dirishani pasipo jua kali. Wachore kila siku. Pupa wa kwanza akitokea, mwaga maji ya moto ndani, kazi imeisha. Usisubiri waruke. Chandarua kina tundu usiloliona, na chupa ikiangushwa na kikosi cha usafi utakuwa umefuga mbu darasani.

8. Somo liende nyumbani

Niseme ukweli ambao wengine huuficha. Kama shule yenu ni ya kutwa, mtoto kwa kawaida hang'atwi na anofelesi shuleni. Anang'atwa nyumbani, kuanzia magharibi hadi alfajiri. Na mbu anaweza kuruka mamia ya mita na zaidi. Uwanja safi wa shule hauwezi kuizuia malaria ya kijiji peke yake. Ulichofanya shuleni ni kumpa mtoto macho, na hayo macho yanatumika kwao.

Mpe kila mtoto kazi moja ya Jumamosi: achore maji yote yaliyosimama nyumbani kwao, atazame pamoja na mtu mzima kama wanalala au wananing'inia, aondoe chanzo kimoja, alete mchoro Jumatatu. Kimoja tu. Pia aandike idadi ya vyandarua vyenye dawa na waliolala ndani yake usiku uliopita. Hilo la pili msilisome kwa sauti darasani, kuna nyumba zitaaibika. Nikikuta mtoto hana chandarua, naenda kumwona mzazi au mhudumu wa afya kimyakimya.

Na wajue la kufanya homa ikija: zahanati siku hiyohiyo, kipimo kwanza, na dawa mseto imalizwe yote hata kama homa imeshuka.

Mambo yakienda kombo

*Tumechota kila mahali, hatuoni kitu.* Angalia mvua ilinyesha lini, na kivuli kilianguka wapi. Rudi kesho peke yako saa 4, chota ukingoni. Ukikosa tena, huenda kweli hakuna, hasa kiangazi. Andika sifuri, ni jibu halali.

*Kuna vijidudu vyekundu kama nyuzi chini ya maji.* Si mbu wanaouma. Waacheni. Wenye miguu mirefu sita au wanaopiga makasia si mbu pia. Kiluwiluwi wa mbu hana miguu.

*Viluwiluwi wanalala lakini wengine wameinama kidogo, hatuwezi kuamua.* Maji kwenye beseni bado yanatikisika, au viluwiluwi ni wadogo mno. Subirini dakika tatu. Msipoafikiana andikeni "haijulikani" na muondoe maji hayo vilevile, kwani hakuna mbu wa kubakizwa.

*Tumefukia, wiki hii wamerudi palepale.* Pameshuka, au chanzo cha maji kipo bado. Mwaga ndoo moja ya maji juu ya ulipofukia na utazame yanakokwenda. Yakisimama badala ya kuteremka pembeni, ongeza udongo na ushindilie upya.

*Shimo kubwa lipo nje ya uzio, mwenye nalo hataki.* Usipeleke watoto kulifukia. Nilifanya hivyo mara moja, na mwenye shimo alikuwa anajengea nyumba yake kwa tofali za humo. Tulimtia hasara na akatununia mwaka mzima. Nenda na daftari kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, ukiwa na namba za wiki tatu mfululizo. Huyo wetu, alipoonyeshwa beseni jeupe lenye viluwiluwi kutoka shimoni mwake, alikubali kukata kijimfereji cha kulikausha kila alipomaliza kufyatua.

*Shule imezungukwa na mpunga.* Njia hii inafaa pale mazalia yanapokuwa machache, yasiyohamahama na rahisi kuyapata. Kwenye mabonde ya mpunga hamtamaliza. Fanyeni ya ndani ya uzio kwa ajili ya somo, na nguvu zilizobaki ziende kwenye vyandarua. Kama mna bweni, kagueni nyavu za madirisha na vyandarua vya vitandani siku ileile ya kusaka, kimoja kimoja, na kila tundu lishonwe kabla ya jioni.